Je, Sura ya Tatu Imetetea Sampuli Yake?

Ukishika tasnifu kumi za uzamili kutoka vyuo vyetu, sura ya tatu itasomeka karibu sawa katika zote. Mtafiti anataja mbinu, anatoa fasili ya mbinu hiyo, anamtaja Kothari au Mugenda na Mugenda, kisha anaandika kwamba mbinu hiyo ilitumika kwa sababu “humwezesha mtafiti kupata taarifa za kina kutoka kwa watu sahihi.” Mtahini anaona kila kichwa kidogo kipo mahali pake, anaweka alama ya vyema, na kuhamia sura ya nne. Hapo ndipo kosa kubwa hupita bila kuonwa, kwa kuwa sentensi ile haikutetea chochote. Imeeleza mbinu ni nini, haikueleza kwa nini mbinu hiyo ifae kwa swali hili, kwa watu hawa, mahali hapa.

Kuna kipimo chepesi cha kutofautisha fasili na utetezi. Chukua sentensi ya mtafiti, uihamishie kwenye tasnifu nyingine yenye mada tofauti kabisa, mathalani kutoka utoro wa wanafunzi kwenda ufugaji wa samaki. Ikikaa vizuri bila kubadilishwa neno, basi haikuwa utetezi. Sababu ya kweli haihamishiki, maana ndani yake kuna majina ya watu, orodha, mahali na vikwazo vya utafiti ule mmoja. Piga mstari chini ya kila sentensi isiyohamishika katika sehemu ya sampuli na ya ukusanyaji wa data. Mara nyingi utapata mbili au tatu, na hizo ndizo za kupima kwa makini.

Nitafuata mfano mmoja hadi mwisho. Nimeuunda mwenyewe, lakini kila kipande chake ni cha kawaida katika kazi zinazowafikia watahini wa Tanzania. Tasnifu inahusu utoro katika shule za sekondari za kutwa za wilaya moja. Ina maswali matatu: utoro umefikia kiwango gani, unasababishwa na nini, na shule zinachukua hatua gani. Wilaya ina shule 12 zenye wanafunzi 4,200. Mtafiti alichagua shule 4, akapata wanafunzi 98 kwa uteuzi nasibu, walimu 12 na wakuu wa shule 4 kwa uteuzi lengwa. Wanafunzi walijaza hojaji. Walimu na wakuu wa shule walifanyiwa usaili.

Usianze kwa kuisoma sura ya tatu kutoka juu. Anza na maswali ya utafiti katika sura ya kwanza. Chini ya kila swali andika kwa mkono wako mwenyewe: ni nani anayelijua jibu hili kwa kulipitia, si kwa kulisikia? Fanya hivyo kabla hujaona mtafiti alimchagua nani, maana ukishaona majina yake utaanza kuyakubali. Kwa swali la sababu, jibu liko kwa mwanafunzi mtoro, kwa mzazi au mlezi wake, na pengine kwa mwenye bodaboda au shamba ambako mtoto huyo anashinda. Kwa swali la kiwango, jibu liko katika daftari la mahudhurio na katika kuhesabu vichwa darasani. Kwa swali la hatua, mkuu wa shule, mwalimu wa nidhamu na mtendaji wa kata wanajua. Sasa fungua sura ya tatu, ulinganishe.

Utaona mara moja kwamba wazazi hawamo. Lakini tatizo zito zaidi limejificha katika aya inayoonekana kuwa safi kuliko zote. Mtafiti anaeleza kwamba aliingia darasani, akakunja vikaratasi vyenye maneno NDIYO na HAPANA, akavichanganya, na kila mwanafunzi akaokota kimoja. Waliopata NDIYO walipewa hojaji. “Kwa njia hii,” anaandika, “kila mwanafunzi alipata nafasi sawa ya kuchaguliwa.”

Vikaratasi vilikuwa nasibu kweli. Waliookota ni wale waliokuwepo darasani siku hiyo, na utafiti unahusu wasiokuwepo. Tufanye hesabu ya darasa moja. Daftari lina wanafunzi 40: 32 huja kila siku, na 8 ni watoro wanaofika siku moja tu kati ya tano. Kwenye daftari, watoro ni 20 katika kila 100. Lakini siku yoyote mtafiti anapoingia, atawakuta kwa wastani watoro 1.6 kati ya wanafunzi 33.6, yaani chini ya 5 katika kila 100. Uteuzi wake, hata ukifanywa kwa uadilifu wote, utawapunguza watoro hadi robo ya uzito wao. Swali la kiwango limeharibika, na swali la sababu limejibiwa na watoto ambao hawakosi shule.

Ndiyo maana swali lenye nguvu kuliko yote unapopima sehemu ya sampuli ni hili: kwa utaratibu ulioelezwa, ni nani asingeweza kamwe kuchaguliwa? Liulize hata pale mbinu inapoitwa nasibu, maana neno hilo hueleza namna ya kuokota tu. Halikuambii kitu kuhusu orodha ambamo watu waliokotwa. Sura inayojitetea hutaja orodha kwanza: ilitoka wapi, ni ya tarehe gani, nani hayumo, na mtafiti alifanya nini kuhusu wasiokuwemo.

Katika mfano wetu, orodha iliyofaa ilikuwa daftari la mahudhurio. Mtafiti angehesabu siku ambazo kila mwanafunzi alikosa katika muhula mzima, akawagawa katika matabaka, mathalani waliokosa siku chache, waliokosa kiasi, na waliokosa zaidi ya robo ya siku za masomo, kisha akateua nasibu ndani ya kila tabaka. Aliyeteuliwa asipopatikana shuleni anafuatwa nyumbani kupitia mwenyekiti wa kitongoji au mtaa, na sura inasema ni wangapi walifuatwa, wangapi walipatikana, na wangapi hawakuonekana kabisa. Idadi hiyo ya mwisho ina thamani kubwa, na tasnifu nyingi huificha kwa kuogopa kuonekana zimeshindwa. Mtahini mzuri huipongeza.

Daftari nalo lina udhaifu wake, na sura iliyofikiriwa vizuri itausema. Huandikwa asubuhi, hivyo mwanafunzi anayetoroka baada ya mapumziko anahesabiwa kuwa alikuwepo. Aliyeacha shule kabisa huenda amekwisha kufutwa, na kwa hiyo mtoro mkubwa kuliko wote hayumo. Baadhi ya walimu hujaza siku kadhaa kwa pamoja. Mtafiti aliyeingia darasani kimya saa nane mchana, akahesabu vichwa na kulinganisha na daftari la asubuhi, ameshanishawishi zaidi ya mwenye kurasa tano za fasili.

Tuje kwenye idadi. Kwa nini 98? Sura inajibu kwa kanuni ya Yamane ya mwaka 1967, ambayo imekuwa kama kiapo katika tasnifu zetu:

```
n = N / (1 + N * e^2)
n = 4200 / (1 + 4200 * 0.1^2)
n = 4200 / 43 = 97.7
```

Hesabu ni sahihi. Jambo la kwanza la kuuliza ni hiyo 0.1 ilitoka wapi. Ndiyo kiwango cha kosa ambacho mtafiti yuko tayari kukibeba, na hapa maana yake ni kwamba akipata watoro ni 20 katika 100, ukweli unaweza kuwa popote kati ya 10 na 30. Angeweka 0.05 angehitaji wanafunzi 366. Kuchagua 0.1 si dhambi ikiwa fedha na muda havikuruhusu zaidi, mradi aseme hivyo, na mradi sura ya nne isije ikajenga hoja juu ya tofauti ya asilimia 4 kati ya wavulana na wasichana. Mara nyingi sura ya nne hufanya hivyo hasa. Kwa hiyo shika kiwango cha kosa kilichotajwa, ukipeleke mbele, uone kama kimeheshimiwa.

Jambo la pili ni la ndani zaidi. Kanuni hii imejengwa kwa mtu anayekadiria uwiano fulani katika kundi, kwa kuokota mtu mmoja mmoja kutoka kundi zima. Mtafiti wetu hakuokota kutoka wanafunzi 4,200. Aliokota shule 4 kwanza, kisha wanafunzi 24 au 25 katika kila moja. Wanafunzi wa shule moja hufanana: wana mkuu mmoja, barabara moja, mto mmoja unaofurika masika, mnada mmoja wa kila wiki. Mtoto wa ishirini wa shule ile ile anakuongezea machache ambayo wa kwanza hakuyasema. Wanatakwimu hupima mfanano huo kwa namba kati ya 0 na 1, kisha huukata kwenye sampuli kwa kuigawanya kwa:

```
1 + (m - 1) * r
```

Hapo m ni idadi ya wanafunzi kwa kila shule na r ni kipimo cha mfanano. Tukichukua r kuwa 0.1 kwa ajili ya mfano, na m kuwa 24.5, tunapata 3.35. Gawanya 98 kwa 3.35, zinabaki 29. Kwa maneno mengine, hojaji zile 98 zina uzito wa wanafunzi 29 waliookotwa kutoka wilaya nzima, na kosa halisi limepanda kutoka asilimia 10 hadi karibu 19. Angewatawanya wanafunzi hao hao katika shule 10, kila moja wanafunzi wasiozidi 10, angepata uzito wa kama 52 bila kuchapisha hojaji hata moja ya ziada. Gharama ingekuwa nauli.

Wanaofanya kazi hii kila siku wanalijua jambo hili. Afrobarometer, mtandao unaofanya kura za maoni katika nchi nyingi za Afrika zikiwemo Kenya, Tanzania na Uganda, huhoji watu 8 tu katika kila eneo la kuhesabia watu, ili sampuli ya watu 2,400 itawanyike katika maeneo 300. Wangeweza kuokoa mafuta mengi kwa kuhoji watu 80 katika maeneo 30. Hawafanyi hivyo.

Simtarajii mwanafunzi wa uzamili afanye hesabu hii yote ikiwa hajafundishwa. Ninachotarajia sura iseme ni kwa nini shule ziwe 4, kwa nini hizi 4 na si nyingine, na hizo 8 zilizobaki zinatofautiana nazo vipi. Ikiwa jibu ni kwamba nne hizi ziko kando ya lami na mtafiti hakuwa na usafiri, aandike hivyo. Ni sababu halali. Ila tangu hapo hana haki ya kusema “wilaya yetu”. Anasema “shule nne zilizo kando ya lami,” na mtoto anayetembea kilomita 9 kufika shule ya bondeni haingii katika hitimisho lake.

Kwa walimu na wakuu wa shule, sura inasema walichaguliwa “kutokana na nafasi zao.” Hapa watahini huwa wepesi kukubali kwa sababu neno lengwa linaonekana limejitetea lenyewe. Rudi kwenye karatasi yako ya maswali. Kwa swali la tatu, hatua za shule, uteuzi huo umetetewa vyema, hauhitaji hata maelezo mengi. Kwa swali la pili, mkuu wa shule anajua sababu za utoro zile alizoambiwa na watoto waliokuwa wanaogopa adhabu. Uteuzi ule ule umefaa swali moja na kushindwa jingine, na sura isiyotenganisha maswali haiwezi kuliona hilo. Usikubali utetezi wa jumla kwa maswali yote matatu kwa pamoja.

Uteuzi lengwa haupimwi kwa wingi wa watu. Watu 12 wanatosha, hata 8, ikiwa sura inaonyesha sifa walizochaguliwa kwazo na nani alichukuliwa ili apinge picha inayojitokeza. Kwa mfano: walimu wawili wa darasa wenye mahudhurio mazuri kuliko wote, wawili wenye mabaya kuliko wote, mmoja aliyehamia mwaka huu. Na mtafiti akidai kwamba alisimamisha usaili kwa sababu hakukuwa na jipya tena, mtake aonyeshe: katika usaili wa mwisho aliouhesabu, ni jambo gani lilikuwa limekwisha kusemwa, na lilianza kusemwa na nani? Mtu aliyepanga walimu 12 tangu kwenye pendekezo la utafiti na akaishia na 12 hao hao, hana budi kueleza ilikuwaje jipya liishe kwenye namba aliyoiandika kabla ya kwenda uwandani.

Zana za kukusanyia data hazisomwi katika sura ya tatu, zinasomwa katika viambatisho. Huko utakuta hojaji yenyewe. Katika mfano wetu kipengele cha 7 kinasema: “Umaskini ni sababu ya utoro,” na mwanafunzi achague kati ya kukubali sana hadi kukataa sana. Sura ya tatu inatetea hojaji kwa kusema hukusanya data nyingi kwa muda mfupi. Ni kweli. Data hiyo ni ya nini? Ni ya maoni ya watoto wanaohudhuria kuhusu watoto wasiohudhuria, tena kuhusu sababu ambazo mtafiti mwenyewe aliziorodhesha. Linganisha na maswali haya: “Mara ya mwisho usipokuja shule ilikuwa lini? Siku hiyo asubuhi ilikuwaje? Ulishinda wapi?” Hayo yanaulizwa kwa mdomo, kwa mtu aliyekosa, na majibu yake yanaleta vitu ambavyo hakuna orodha ingevitaja. Swali la sababu lilihitaji usaili kwa watoro na likapewa hojaji. Walimu ambao hojaji fupi ingewatosha wakapewa usaili. Zana zimegawiwa kwa hadhi ya mtu, wala si kwa aina ya swali. Kosa hili limeenea sana, na karibu hakuna sura inayolitolea sababu.

Angalia pia lugha ya kiambatisho. Ikiwa hojaji imeandikwa kwa Kiingereza na waliojaza ni wanafunzi wa kidato cha kwanza wa shule ya kata, sura lazima iseme nani alitafsiri, lini, na kama tafsiri hiyo ilikuwa moja kwa shule zote au kila msaidizi alieleza kwa maneno yake. Angalia nani alikuwepo chumbani. Sura nyingi zinasema kwa shukrani kwamba “mwalimu wa nidhamu alisaidia kugawa na kukusanya hojaji.” Katika utafiti wa utoro, sentensi hiyo peke yake inatosha kuondoa imani katika kila jibu kuhusu tabia ya mwanafunzi. Na angalia mwezi. Data ya utoro iliyokusanywa wakati wa palizi au mavuno si sawa na ya miezi mingine, na ile ya Novemba, kidato cha pili na cha nne wakiwa kwenye mitihani ya taifa, ni ya shule isiyo ya kawaida.

Kuhusu jaribio la awali la zana, sina subira na aya inayosema lilifanyika kwa wanafunzi 10 na kipimo cha alfa cha Cronbach kikawa 0.81, juu ya 0.7 inayokubalika. Alfa hupima kama vipengele vinavyodaiwa kupima jambo moja vinakwenda pamoja. Haiwezi kusema chochote kuhusu maswali ya umbali wa kwenda shule, idadi ya ndugu na siku zilizokosekana, ambayo hayakukusudiwa kwenda pamoja. Uliza tu: baada ya jaribio, ni swali lipi lilifutwa au kuandikwa upya, na kwa nini? Mtafiti aliyefanya jaribio kweli hukumbuka swali ambalo watoto hawakulielewa, na hulitaja.

Unapoandika ripoti ya mtahini, tenganisha makosa kwa namna yanavyotibika, maana mwanafunzi aliyepewa maoni 40 yenye uzito sawa atarekebisha nukta na mikato kwanza. Kuna upungufu wa maandishi: mtafiti alifanya vizuri lakini hakueleza, kama vile namna shule zilivyochaguliwa. Huo hutibiwa mezani kwa siku chache. Kuna upungufu unaotibiwa kwa kupunguza madai: shule nne haziwi wilaya, kosa la asilimia 10 haliruhusu kulinganisha vikundi vidogo. Huo pia hauhitaji nauli, ingawa unaweza kubadilisha kichwa cha tasnifu. Na kuna ule ambao kalamu haiwezi kuutibu, pale waliojibu si wale wanaojua. Huu uandike wa kwanza, peke yake, kwa lugha isiyo na chembe ya utata.

Tasnifu ya mfano wetu ningeirudisha kwa marekebisho makubwa. Swali la hatua za shule libaki lilivyo. Swali la kiwango lijibiwe upya kutoka kwenye madaftari ya mahudhurio ya shule zile nne, kazi ya wiki moja au mbili, pamoja na kuhesabu vichwa mchana. Kwa swali la sababu, ama mtafiti arudi uwandani akawahoji watoro kumi na watano hivi waliotoka kwenye daftari hilo, pamoja na wazazi wao, kwa ridhaa ya mzazi na ya mtoto mwenyewe, ama alibadilishe liwe swali ambalo data aliyonayo inaweza kulijibu: wanafunzi wanaohudhuria wanaamini nini kuhusu utoro wa wenzao. Hojaji zile 98 zinafaa kwa swali hilo, na si kwa jingine.